Jibu kwa "tunahitaji kuongea"

Mpenzi, meseji yako nimeiona. Sawa, tuongee. Ila nikwambie ukweli: tangu saa 7 moyo unanienda mbio, na kichwani nimeshaachwa, nimeshahama, hata vyombo tumeshagawana. Najua huo ni woga wangu, wewe hujasema hivyo. Naomba tu unidokeze: ni kuhusu sisi wawili, au ni jambo lingine? Neno moja linatosha, mengine yangoje tukionana. Natoka kazini saa 11, saa 1 nitakuwa nyumbani. Kama ni zito, nitakusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza. Na kama ni ile sufuria iliyoungua jana, basi nakiri, ni mimi.