TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI: MAJI YA MAJENGO, SOKONI NA KISIMANI

Kusomwa na Meneja Uhusiano wa Mamlaka ya Maji, Alhamisi 12 Machi 2026, saa 4:00 asubuhi, ofisi kuu.

(Kwa msomaji: sentensi yoyote inaweza kukatwa na kurushwa peke yake. Isome neno kwa neno, na usiongeze "lakini" mbele yake.)

Ndugu wanahabari, naanza na linalowahusu wananchi sasa hivi. Maelezo ya chanzo yatafuata.

Wakazi wa mitaa ya Majengo, Sokoni na Kisimani wasinywe maji ya bomba bila kuyachemsha, hadi Mamlaka ya Maji itakapotangaza kuwa ni salama.

Hii ni pamoja na maji yaliyokingwa tangu Jumanne saa 2 usiku, yawe kwenye ndoo, dumu au simtanki. Yatumieni chooni. Barafu na juisi zilizotengenezwa kwa maji hayo zimwagwe. Mama lishe na wauza juisi, nanyi mnahusika.

Chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu, yaache yaendelee kutokota dakika 1 nzima, kisha yapoe ndani ya chombo safi chenye mfuniko.

Anayetumia dawa ya maji afuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na asubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu tope hula nguvu ya dawa.

Mganga Mkuu wa Wilaya ametujulisha kuwa hadi saa 2 asubuhi leo, watu 31 kutoka mitaa hiyo wametibiwa kwa kuharisha. Kati yao 4 wamelazwa.

Mamlaka ya Maji inawapa pole watu 31 waliougua katika mitaa ya Majengo, Sokoni na Kisimani, pamoja na familia zao.

Mtu anayeharisha aanze kunywa ORS mara moja, pakiti 1 kwa lita 1 ya maji salama, na aende kituo cha afya bila kusubiri. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Sasa chanzo. Jumatatu mchana, mtambo wa kuchimba mtaro ulikata bomba letu la milimita 160 karibu na chemba ya majitaka. Mvua ilikuwa imejaza shimo. Bomba lililokatwa halina msukumo, na lisipokuwa na msukumo huvuta kilichopo nje. Mafundi walimaliza kuliunga Jumanne, likafunguliwa saa 2 usiku. Utaratibu wetu unataka bomba lioshwe, litiwe klorini na lipimwe kabla ya kufunguliwa. Lilioshwa tu.

Mamlaka ya Maji ilifungua bomba Jumanne usiku bila kulipima, na kosa hilo ni la Mamlaka ya Maji.

Jana jioni, baada ya malalamiko ya harufu, tulipima bombani Sokoni tukakuta klorini sifuri. Tulifunga vali saa 3:20 usiku. Majibu ya bakteria bado, maana sampuli hukaa maabara saa 24. Hatukuona sababu ya kuyasubiri ndipo tuwaambie watu wachemshe maji.

Kuanzia leo, maboza 5 ya lita 10,000 kila moja yanagawa maji bure katika mitaa ya Majengo, Sokoni na Kisimani, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku. Yanasimama ofisi za serikali za mitaa. Kila boza hupimwa klorini kabla ya kutoka. Anayetozwa hata shilingi 10 apige namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye ankara yake.

Zuio la Majengo, Sokoni na Kisimani litaondolewa baada ya sampuli za siku mbili mfululizo kuonyesha klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita na kutokuwa na bakteria wa kinyesi. Mapema kabisa ni Jumamosi mchana. Sampuli moja ikifeli, tunaanza upya.

Nitarudi hapa leo saa 10 jioni, hata kama sina jipya.

(Mwisho wa kusoma. Yafuatayo ni ya maswali tu.)

Je, ni kipindupindu? "Jina la ugonjwa litatangazwa na mamlaka za afya baada ya vipimo vya maabara." Usirudie neno la mwuliza swali, hata kwa kulikana.

Nani atafukuzwa? "Uchunguzi wa kwa nini bomba lilifunguliwa bila kupimwa umeanza leo asubuhi." Usitaje fundi wala mkandarasi.

Mitaa mingine je? "Klorini ilipimwa leo alfajiri katika vituo 9 nje ya Majengo, Sokoni na Kisimani, na vyote vilikuwa juu ya miligramu 0.2 kwa lita." Usiseme "maji ya mji mzima ni salama", vituo 9 ndivyo tulivyopima.