Ripoti ya Kupanga Miundo Sita ya Kadi ya Biashara ya Ofisi ya Upimaji Ardhi

Kwa wakuu watatu wa ofisi,

Mlinikabidhi picha sita za miundo ya kadi, kila moja ikiwa imeondolewa jina la msanifu wake, mkaniomba nizipange kwa vigezo vitatu: usomekaji wa taarifa za mawasiliano, hisia ya karatasi inayojengwa na picha, na uwezo wa kadi kubaki akilini mwa aliyepokea. Kila kigezo nimekipa alama 10, lakini alama za usomekaji nimezihesabu mara mbili, kwa hiyo jumla ni 40. Nimefanya hivyo kwa sababu mteja anayeikumbuka kadi yenu lakini akashindwa kutofautisha tarakimu mbili za namba ya simu hatawafikia, ilhali yule aliyeisahau kadi na kuikuta mfukoni mwezi mmoja baadaye anaweza kuwapigia papo hapo iwapo inasomeka.

Kila picha niliiweka kwenye skrini kwa ukubwa halisi wa kadi, yaani milimita 85 kwa 55, kisha nikaisoma kwa umbali wa sentimita 40, kwanza penye mwanga wa kutosha na baadaye taa ikiwa imepunguzwa. Niliwaomba watu wawili, mmoja wao akiwa anavaa miwani ya kusomea, wamsomee mtu wa tatu namba ya simu na barua pepe kwa sauti, naye aandike anachosikia. Baada ya siku mbili niliwataka wachore walichokumbuka bila kuonyeshwa picha tena. Hisia ya karatasi niliihukumu kwa yale ambayo picha haiwezi kuyaficha kwa urahisi: unene wa ukingo, kivuli kilicho chini ya kadi, namna mwanga unavyopita juu ya uso wake, na kingo za herufi pale wino unapokutana na karatasi.

Nafasi ya kwanza: kadi ya kontua, alama 34 (usomekaji 9, karatasi 9, kumbukumbu 7)

Muundo huu una mistari ya kontua iliyobonyezwa kwenye karatasi bila wino wowote, ikichukua theluthi ya kushoto, na maandishi yote yamewekwa upande wa kulia kwenye uwanja mtupu. Msanifu amejizuia asiipitishe mistari chini ya maandishi, na uamuzi huo mmoja ndio ulioiokoa kadi, kwa kuwa kontua ni mistari iliyopinda na herufi nazo ni mistari iliyopinda, na jicho likikutana na zote mahali pamoja huchoka haraka. Namba ya simu imeandikwa kwa pointi 9, kuanzia alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, ikagawanywa kwa nafasi katika mafungu ya tarakimu tatutatu. Wasomaji wote wawili waliisoma bila kusita, hata taa ilipopunguzwa.

Kuhusu karatasi, hii ndiyo picha ya kweli kuliko zote. Mwanga unatoka upande mmoja na umelala chini, hivyo kila mfereji wa kontua una ukuta mmoja wenye kivuli na mwingine unaong'aa, na uso wa karatasi unaonyesha nyuzinyuzi zisizojirudia. Mara nyingi picha za aina hii hubandikwa umbile la karatasi lililonakiliwa, na ukilitazama kwa makini utaona doa lilelile likijitokeza mahali pawili au patatu. Hapa nilitafuta doa la namna hiyo nisilione. Rangi ya wino nayo imefifia kidogo kama inavyotokea kwenye karatasi isiyopakwa, ambayo huunyonya wino badala ya kuuacha ukae juu. Msanifu aliyeijua karatasi yake ndiye pekee angekumbuka kufifisha rangi hiyo.

Alama moja ya usomekaji imepotea kwenye barua pepe. Katika fonti iliyochaguliwa, herufi ndogo ya l na tarakimu 1 zinafanana kabisa, na anwani yenu ina zote mbili. Mwandishi wetu aliandika l mahali pa 1, akakosea bila kujua. Kwenye kumbukumbu, wachoraji wote wawili walichora mistari ya mviringo, lakini mmoja alidhani ni alama ya kidole. Hilo si kosa kubwa, ila linaonyesha kwamba mtu asiyezoea ramani haoni mlima mara moja, na pengine kuweka alama ndogo ya kilele, pembetatu yenye nukta katikati, kungemaliza utata huo.

Nafasi ya pili: kadi ya rula, alama 31 (usomekaji 7, karatasi 7, kumbukumbu 10)

Nakiri kwamba kadi hii ndiyo niliyoipenda zaidi nilipoitazama mara ya kwanza, na ilinilazimu kurudi kwenye vigezo mara kadhaa kabla ya kuiweka ya pili. Ukingo wake wa chini umechorwa mizani ya milimita, kwa hiyo kadi yenyewe ni kifaa cha kupimia. Wote wawili waliichora kwa usahihi, pamoja na mahali jina la ofisi lilipo, na mmoja alisema angeitunza kwenye droo yake. Hakuna sifa inayozidi hiyo kwa kadi ya biashara, kwani kadi inayotumika haitupwi, na kwa watu ambao kazi yao ni kupima, wazo limetoka ndani ya kazi yenyewe.

Kasoro yake ni kwamba tarakimu za rula zimekaa milimita nne tu chini ya namba ya simu, kwa fonti ileile na uzito uleule. Msomaji mwenye miwani alianza kusoma simu, akateleza hadi kwenye 40 na 50 za rula, akarudi nyuma. Kosa hilo linarekebishika kwa kuihamishia simu juu na kuzipunguza uzito tarakimu za mizani. Lipo pia jambo ambalo picha haiwezi kulionyesha: sifuri ya rula imewekwa kwenye ukingo wenyewe wa kadi. Kisu cha kukatia karatasi huweza kuhama kwa sehemu ya milimita, wakati mwingine hadi milimita nzima, na rula inayoanzia ukingoni itakosea kwa kiasi hichohicho. Wapimaji hawawezi kugawa rula yenye makosa. Mizani ianze milimita 5 ndani ya ukingo, ndipo itakuwa sahihi hata kadi ikikatwa kwa kupinda kidogo. Kadi ikikatwa kimakosa, rula itabaki na urefu wake, maana umbali kati ya mistari umewekwa na uchapaji wala si kisu.

Karatasi yake ni laini na nyeupe, na kivuli chake ni cha kuaminika, lakini mwanga unaanguka kutoka juu moja kwa moja na kuufuta uso wote, hivyo sikuweza kujua kama imepakwa au la.

Nafasi ya tatu: kadi nyeupe, alama 28 (usomekaji 10, karatasi 5, kumbukumbu 3)

Hapa kila kitu kinasomeka: wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, mistari minne iliyopangwa kushoto, tarakimu zisizochanganyana na herufi. Lakini imewasilishwa ikiwa bapa, bila ukingo wala kivuli, na baada ya siku mbili mmoja wa wachoraji aliacha ukurasa wake mtupu. Kama ingebidi kuchapa kesho asubuhi bila marekebisho yoyote, ningeichagua hii bila hofu.

Nafasi ya nne: kadi nyeusi yenye foili ya dhahabu, alama 23 (usomekaji 4, karatasi 8, kumbukumbu 7)

Najua mmoja wenu anaipendelea, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu kidogo. Ni kadi nzuri. Weusi wake ni mzito na hauakisi mwanga, foili inang'aa pale tu inapopaswa kung'aa, na wachoraji wote wawili walikumbuka rangi zake. Hata hivyo, hakuna aliyekumbuka kuwa ni kadi ya wapimaji ardhi. Mmoja aliandika kwamba ni ya duka la vito.

Tatizo kubwa liko kwenye mawasiliano. Yameandikwa kwa pointi 6, kwa herufi nyembamba zenye mikia, na yote ni foili. Picha imepigwa kwa pembe moja iliyochaguliwa ili foili iwake. Mkononi, kadi hugeuzwageuzwa, na foili isipopata mwanga huwa giza juu ya giza. Aidha, foili hubandikwa kwa joto na mgandamizo, na kwenye herufi ndogo namna hii uwazi ulio ndani ya e na a huelekea kuziba, kwa hiyo kadi itakayochapwa haitasomeka hata kwa kiwango ambacho picha inasomeka sasa. Nimepunguza pia alama mbili za karatasi kwa sababu picha imetia chumvi: ukingo una unene wa takribani 1/40 ya urefu wa kadi, jambo ambalo kwa kadi ya milimita 85 ni zaidi ya milimita 2. Unene huo unahitaji kugandisha tabaka kadhaa za karatasi. Kadi ya kawaida ya gramu 350 kwa mita ya mraba haifiki hata nusu milimita, na atakayeagiza kwa kuiamini picha hii atasikitika akifungua boksi.

Nafasi ya tano: kadi ya msimbo wa QR, alama 22 (usomekaji 5, karatasi 6, kumbukumbu 6)

Upande wa mbele una jina la ofisi na msimbo mkubwa wa QR, wala hakuna namba ya simu popote. Msimbo umewekwa kwa miraba myeupe kwenye usuli wa kijani, kinyume cha kawaida, na baadhi ya programu za kuskani hushindwa kuusoma ukiwa umegeuzwa hivyo. Isitoshe, nafasi tupu inayotakiwa kuuzunguka, ambayo ni upana wa miraba minne kila upande, imeliwa na fremu ya mapambo. Simu yangu iliusoma jaribio la tatu. Msimbo ni msaidizi mzuri ukiwa nyuma ya kadi yenye namba zilizoandikwa. Hapa umeachiwa kazi yote.

Nafasi ya sita: kadi angavu ya plastiki, alama 18 (usomekaji 3, karatasi 4, kumbukumbu 8)

Inakumbukwa, lakini maandishi hupotea kulingana na kilicho nyuma yake. Msanifu aliipiga picha juu ya meza nyeupe. Nilipoiweka juu ya picha ya kitambaa chenye maua, simu haikusomeka kabisa.

Pendekezo langu ni kadi ya kontua, kwa masharti matatu kabla ya kuchapa. Fonti ya barua pepe ibadilishwe iwe yenye l iliyo na mkia chini na 1 iliyo na kitako. Alama ya kilele iongezwe. La tatu, mchapaji aulizwe mapema kuhusu upande wa nyuma, kwa sababu mbonyezo wa kina unaoonekana pichani hutokeza mgongoni mwa karatasi: ama nyuma paachwe patupu, ama karatasi mbili zigandishwe baada ya kubonyezwa. Mkiamua kuchukua kadi ya rula badala yake, sitapinga, ilimradi sifuri iingizwe ndani na simu ihamie juu. Kwa vyovyote vile, ombeni sampuli moja iliyochapwa kwenye karatasi halisi, na mmoja wenu ampe mtu mwenye miwani aisome jioni.