Kwa Nini Kotonii Hufa Mlingotini: Masimulizi ya Video

Hapa ni Mlingotini, Bagamoyo, maji yakiwa yamekupwa, na kina mama hawa walioinama wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizovutwa kati ya vigingi. Baada ya takriban wiki sita mwani huvunwa, huanikwa na kuuzwa, kisha viwandani hutolewa karaginani, kitu kinachofanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito.

Spinosum, aina mojawapo ya mwani, huvumilia shida, lakini bei yake ni ndogo. Kotonii, aina nyingine, hulipa zaidi, na kwa bahati mbaya ndiyo inayokufa. Katika tasnifu yangu nililinganisha kotonii ya kwenye vigingi, katika maji mafupi, na ile iliyoning'inizwa kwenye kamba zinazoelea mbali kidogo na ufukwe.

Tazama tawi hili kwa karibu: ncha zimepauka, katikati pamekuwa peupe na laini, na likiguswa linakatika. Ugonjwa huu huzuka mmea unapochoshwa na joto, hata bakteria wakapata upenyo. Kamba za maji mafupi, ambayo jua la mchana huyapasha haraka, ndizo zilizoathirika zaidi. Zile zinazoelea zilidhurika kidogo.

Hata hivyo, sisemi kwamba kila mkulima ahamie kina kirefu, kwa kuwa huko kunahitajika chombo na kujua kuogelea, na wengi wa niliozungumza nao hawana chombo. Isitoshe, nilipima eneo hili moja tu, kwa hiyo matokeo haya yasichukuliwe kuwa ya Tanga wala Unguja.