Zoezi la marudio: Akaunti ya mgawanyo wa faida ya ubia, pamoja na majibu

Swali (alama 20, dakika 36)

Asha na Baraka ni wabia wa duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Mkataba wao unasema hivi: riba ya mtaji 10% kwa mwaka, riba ya uchukuzi 8% kwa mwaka, Baraka alipwe mshahara wa Sh 300,000 kwa mwezi, faida inayobaki igawanywe kwa uwiano wa 3:2. Tarehe 1 Januari 2023 mtaji wa Asha ulikuwa Sh 20,000,000 na wa Baraka Sh 12,000,000. Baraka aliongeza Sh 4,000,000 tarehe 1 Julai.

Akaunti za sasa zilianza na Asha krediti Sh 450,000 na Baraka debiti Sh 310,000. Asha alichukua Sh 3,000,000 tarehe 1 Aprili. Baraka alichukua Sh 200,000 kila mwisho wa mwezi. Mwaka mzima Asha aliukopesha ubia Sh 5,000,000 kwa riba ya 6%, ambayo haijalipwa wala kuandikwa na inatakiwa kuingizwa kwenye akaunti yake ya sasa. Faida halisi ya mwaka ulioishia 31 Desemba 2023 ilioneshwa kuwa Sh 12,432,000, baada ya mshahara wa Baraka, uliolipwa taslimu, kuwekwa kwenye gharama za mishahara.

(a) Tayarisha akaunti ya mgawanyo wa faida.
(b) Tayarisha akaunti za sasa za wabia.
(c) Ingekuwaje bila mkataba wowote, kwa kufuata kifungu cha 24 cha Sheria ya Ubia ya Uingereza ya 1890?

Majibu

Usianze kugawana. Faida uliyopewa ina makosa mawili, na hapo ndipo alama nyingi hupotea. Mshahara wa mbia si gharama ya biashara, ni sehemu yake ya faida, kwa hiyo unarudishwa. Riba ya mkopo wa Asha nayo ni gharama halisi, sawa na kama angekopesha jirani, kwa hiyo inatolewa kabla ya mgawanyo.

12,432,000 + 3,600,000 − 300,000 = 15,732,000

Riba ya mtaji: Asha 2,000,000. Baraka 1,200,000, na kwa nyongeza miezi 6 tu, 200,000, jumla 1,400,000.

Riba ya uchukuzi: fedha za Asha zilikaa nje miezi 9, yaani 180,000. Kwa Baraka, fedha ya Januari inakaa nje miezi 11, ya Desemba sifuri, wastani 5.5: 2,400,000 × 8% × 5.5/12 = 88,000. Wengi huweka 6.5, ambayo ni ya anayechukua mwanzoni mwa mwezi. Soma tarehe.

(a) Mgawanyo wa faida (Sh)

| | |
|---|---:|
| Faida iliyorekebishwa | 15,732,000 |
| Ongeza riba ya uchukuzi (180,000 + 88,000) | 268,000 |
| | 16,000,000 |
| Toa riba ya mtaji (2,000,000 + 1,400,000) | (3,400,000) |
| Toa mshahara wa Baraka | (3,600,000) |
| Inayobaki | 9,000,000 |
| Asha 3/5 | 5,400,000 |
| Baraka 2/5 | 3,600,000 |

Kwa bahati tu, mshahara wa Baraka na fungu lake vimelingana. Usichanganye mistari.

(b) Akaunti za sasa (Sh)

| | Asha | Baraka |
|---|---:|---:|
| Salio la mwanzo | 450,000 | (310,000) |
| Riba ya mkopo | 300,000 | – |
| Riba ya mtaji | 2,000,000 | 1,400,000 |
| Mshahara | – | 3,600,000 |
| Fungu la faida | 5,400,000 | 3,600,000 |
| Mshahara uliolipwa | – | (3,600,000) |
| Uchukuzi | (3,000,000) | (2,400,000) |
| Riba ya uchukuzi | (180,000) | (88,000) |
| Salio la mwisho, krediti | 4,970,000 | 2,202,000 |

Mstari wa mshahara uliolipwa ndio unaosahaulika. Ukimkreditia Baraka mshahara bila kumdebiti fedha alizokwisha pokea, umemlipa mara mbili.

(c) Kifungu cha 24 hakitoi riba ya mtaji wala mshahara, na faida ni sawa kwa sawa. Riba ya uchukuzi nayo haipo, kwa kuwa ilitokana na mkataba. Mkopo wa mbia unapata 5%, yaani 250,000. Faida ya kugawa: 12,432,000 + 3,600,000 − 250,000 = 15,782,000, kila mmoja 7,891,000. Zile 3,600,000 alizopokea Baraka zinahesabika kama uchukuzi. Asha anapunjwa na mkataba: kwa riba ya mtaji na faida pekee alipata 7,400,000, lakini hapa angepata 7,891,000, na Baraka angeshuka kutoka 8,600,000. Kwa maneno mengine, mkataba ule ulimfaa Baraka kuliko mwenye mtaji mkubwa.