Ratiba ya kutoa toleo la 3 la programu yetu ya simu, saa kwa saa: Jumatano jioni hadi Alhamisi alasiri

Habari zenu wote,

Hii ndiyo ratiba ya mwisho. Ile ya wiki iliyopita ifuteni, kwani zamu ya usiku imebadilika. Saa zote ni za Kiswahili: uzinduzi ni Alhamisi saa 4:00 asubuhi, ambayo simu zenu zitaionyesha kama 10:00. Nasema mapema asije mtu akatokea saa kumi jioni.

Kila kazi ina mwenyewe mmoja. Ukimaliza, andika "tayari" kundini. Ukichelewa zaidi ya dakika 15, nipigie, usiandike ujumbe.

JUMATANO

Saa 10:00 jioni (zimebaki saa 18). Baraka anafunga msimbo. Baada ya hapo haiingii hata nukta, isipokuwa kurekebisha kosa linalomzuia mteja kuingia au kulipa, na hilo nalo lipite kwa Zuhura na kwangu.

Saa 12:00 jioni (saa 16). Zuhura anapima toleo la 3, akianza na zile simu za zamani zenye nafasi ndogo. Apime pia toleo la 2 likitumia seva mpya. Hili tusiliruke, maana Alhamisi wateja wengi bado watakuwa na toleo la 2.

Saa 3:00 usiku (saa 13). Neema anachukua nakala ya hifadhidata, anairejesha kwenye seva ya majaribio na kulinganisha idadi ya rekodi. Nakala ambayo haijajaribiwa kurejeshwa mimi siihesabu. Akimaliza, akalale. Wengine mlale mapema zaidi.

ALHAMISI

Saa 11:00 alfajiri (saa 5). Neema anapandisha seva mpya, wakati watumiaji ni wachache. Seva inatangulia programu kwa makusudi: seva mpya inayaelewa matoleo yote mawili, ya zamani hailielewi toleo la 3. Ikisumbua, Neema anarudisha ya awali bila kusubiri ruhusa yangu.

Saa 12:00 asubuhi (saa 4). Zuhura anajisajili, anaingia, analipa na kuomba kurudishiwa pesa, yote kwa akaunti halisi.

Saa 1:30 asubuhi (saa 2 na nusu). Uamuzi. Sote kwenye simu, dakika 15. Kila mmoja anasema "twende" au "tusubiri", na sababu yake. Neema au Zuhura akisema "tusubiri", tunasubiri, na hakuna wa kumbembeleza, nikiwemo mimi. Rehema, najua matangazo yameshapangwa, yataahirishwa.

Nakazia hapa kwa sababu seva tunaweza kuirudisha nyuma, programu ya simu hatuwezi. Google Play inaturuhusu kusimamisha usambazaji, lakini aliyekwisha kupakua toleo la 3 anabaki nalo. Dawa pekee ni kutoa toleo jingine lenye namba ya juu zaidi, nalo lipitiwe upya na duka.

Saa 2:00 asubuhi (saa 2). Baraka anafungua Google Play kwa asilimia 10. Kwa iPhone tumeshaidhinishwa. Anaachia kwa awamu ndani ya siku 7, kuanzia asilimia 1. Kumbukeni anayetaka anaweza kusasisha mwenyewe kabla awamu haijamfikia. Toleo huchelewa kuonekana madukani, ndiyo maana hatungoji saa 4.

Saa 3:00 asubuhi (saa 1). Rehema anabonyeza kila kiungo cha tangazo kwa simu isiyo na akaunti ya kazi. Neema anatazama seva: makosa yakizidi 1 kwa kila maombi 100, kwa dakika 10 mfululizo, anamwambia Baraka asimamishe. Baraka asimamishe kwanza, maswali baadaye.

Saa 4:00 asubuhi. UZINDUZI. Rehema anatuma barua pepe kwa robo ya wateja. Waliobaki watapata saa 5:00 kama seva imetulia.

Kuanzia hapo Hamisi ndiye sauti yetu. Mtu mwingine asijibu mteja mitandaoni, hata akiwa na jibu sahihi, ampe Hamisi. Malalamiko matatu ya aina moja yanatosha kunipigia.

Saa 6:00 mchana. Hali ikiwa shwari, Baraka anapanda hadi asilimia 50. Asilimia 100 ni Ijumaa asubuhi, hata mambo yakiwa mazuri kupita kiasi. Sitaki toleo jipya kwa kila mtu wakati timu imechoka.

Saa 7:00 mchana. Neema anakwenda kupumzika, Zuhura anashika seva. Tafadhali msimpigie Neema, nipigieni mimi.

Saa 9:00 alasiri. Kikao cha nusu saa. Hamisi aje na orodha ya malalamiko, Baraka na idadi ya programu zilizojifunga zenyewe.

Simu yangu itakuwa wazi usiku kucha. Nisipopatikana kwa dakika 10, uamuzi ni wa Zuhura. Jibuni "nimesoma" kabla ya Jumatano saa 6:00 mchana, na mwenye kikwazo na zamu yake aniambie leo.

Salma
Msimamizi wa uzinduzi