Mkakati wa Chapa: Safari za Ruaha na Nyanda za Juu Kusini

Tunamlenga msafiri wa Ulaya na Marekani aliyekwisha kuona Serengeti, ambaye sasa anatafuta pori lisilo na msururu wa magari. Ahadi yetu kwake ni Hifadhi ya Ruaha pamoja na majirani zake, wakijieleza wenyewe.

Picha ya Mmaasai akiruka wakati wa machweo tunaiondoa kwenye tovuti. Iringa ni nchi ya Wahehe. Wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig wapo Idodi na Pawaga, lakini ni watu wenye shughuli zao, si mapambo ya tangazo letu. Maneno kama "Afrika ya asili" na "kabila lisiloguswa" hayatumiki kabisa.

Nguvu yetu kubwa ni historia, nasi tuisimulie yote. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, asibaki kuwa kisa cha fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Tuanze Lugalo, Agosti 1891, jeshi lake lilipokishinda kikosi cha Wajerumani. Tufike Kalenga, ngome iliyoanguka 1894. Mgeni wa Kijerumani aelezwe hayohayo, bila kulainishwa. Msimulizi awe wa Kalenga, alipwe kama mwongozaji wa porini.

Wasusi wa vikapu vya milulu wapange bei na saa za kupokea wageni. Hakuna ngoma ya kuagizwa. Picha ya mtu itatumika kwa ridhaa yake, kwa malipo na jina lake likiandikwa.

Hifadhi ya Kitulo tuitangaze kwa msimu wa maua tu, Desemba hadi Aprili.