Siku 30 za kusoma dakika 10: chalenji inaanza Jumatatu

1/11
Kile kitabu ulichoanza kwa moto ukakiacha ukurasa wa 23, bado kipo. Tukimalize pamoja. Dakika 10 kwa siku, siku 30. Telezesha 👉

2/11 Tuwekane sawa kwanza
Najua mmeshasikia ile ya tabia inajengeka kwa siku 21. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji Maxwell Maltz aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea mabadiliko ya miili yao, watu wakaiangusha ile "angalau" njiani ikabaki 21 peke yake. Baadae mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL kule London wakawafuatilia watu 96, kila mtu na tabia yake ndogo ya kila siku, na wastani ukatoka siku 66, kuna aliekadiriwa siku 18 na kuna aliekadiriwa 254!
Kwahiyo siku 30 ni za kukuweka njiani, usitegemee siku ya 31 uamke mtu mpya, na wala usijione mzembe kama bado unajisukuma.

3/11 Sheria ni tatu tu
Dakika 10 zinatosha. Ukitaka kuendelea endelea, ila deni la leo limeisha.
Kitabu kimoja mpaka kiishe au kikushinde kabisa, hakuna kurukaruka.
Ukikosa siku moja sawa, usikose mbili mfululizo. Hii ya tatu ndo naipigania kuliko zote maana wale watafiti waliona kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana, kinachotuangusha ni ile "ah nishaharibu, ntaanza upya mwezi ujao".

4/11 Jumapili jioni, kabla hatujaanza
Chukua kikaratasi uandike sentensi moja yenye saa na mahali, mfano:
"Nikishapiga mswaki usiku, nakaa kwenye kiti cha dirishani nasoma dakika 10."
Usiandike "ntasoma zaidi", hiyo haina mlango wa kuingilia. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameliandikia sana hili tangu miaka ya 90, ukishaamua mapema kwamba *likitokea hili nafanya lile*, wakati ukifika huanzi kubishana na nafsi yako. Na tafuta kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila kukumbushwa, kusoma kwako ukakufunge hapo.
Kikaratasi hicho hicho ndo kitakua alama yako ya ukurasa.

5/11 Wiki ya kwanza: fika tu
Siku 1: soma dakika 10, weka alamu ikulilie, ikilia funga kitabu hata kama utamu umekolea.
Siku 2: kabla hujaanza simu ipeleke chumba kingine. Sio kuigeuza kifudifudi pembeni yako, chumba kingine kabisa.
Siku 3: mwambie mtu mmoja unasoma nini.
Siku 4: asubuhi kiweke kitabu juu ya mto, usiku huwezi kulala bila kukishika.
Siku 5: pigia mstari sentensi moja (penseli jamani, hasa kama ni cha kuazima).
Siku 6: soma kwa sauti ukurasa mmoja.
Siku 7: hesabu tiki zako. Tano na kuendelea uko vizuri sana, chini ya hapo rudi kwenye kikaratasi ubadilishe saa, mara nyingi saa ndo mbaya wewe huna shida.

6/11 Chati yako (piga skrinshoti au ichore nyuma ya daftari)

01 ☐ 02 ☐ 03 ☐ 04 ☐ 05 ☐ 06 ☐
07 ☐ 08 ☐ 09 ☐ 10 ☐ 11 ☐ 12 ☐
13 ☐ 14 ☐ 15 ☐ 16 ☐ 17 ☐ 18 ☐
19 ☐ 20 ☐ 21 ☐ 22 ☐ 23 ☐ 24 ☐
25 ☐ 26 ☐ 27 ☐ 28 ☐ 29 ☐ 30 ☐

✓ nimesoma
½ nimefungua nikasoma hata aya moja
O nimekosa
Nusu inahesabika! Na O usiifute wala usiifiche, iache ionekane, ikitokea mara tatu siku zile zile za wiki ushajua tatizo liko wapi.

7/11 Siku 8 hadi 13
Siku 8: leo soma bila alamu uone utaenda mpaka wapi.
Siku 9: andika swali moja unalotaka kitabu kikujibu.
Siku 10: soma ukiwa umesimama au unatembea taratibu humo ndani.
Siku 11: rudi kwenye mstari wa siku ya 5, bado unakugusa?
Siku 12: dakika 5 asubuhi, 5 usiku.
Siku 13: soma kama kawaida, hakuna cha ziada.

8/11 Hapa katikati pagumu, sikiliza
Siku 14 mpaka 19 ndo watu wanapungua. Shauku ya mwanzo imeisha alafu mazoea hayajakomaa, uko katikati hauna pa kushika, kitabu nacho kimefika pale kwenye sura ndefu. Ukihisi uvivu siku hizi sio kwamba huna nidhamu, ndo hatua yenyewe ilivyo, wote tunapita hapo. Kwahiyo nimeshusha mzigo makusudi:
Siku 14: ukurasa mmoja.
Siku 15: ukurasa mmoja, alafu tuma neno moja kwenye komenti, "nipo". Ntawajibu wote.
Siku 16: kurasa mbili.
Siku 17: ulikosa jana? Fungua sasa hivi kabla hujatelezesha mbele, soma aya moja, weka ½. Umerudi.
Siku 18: kaa sehemu tofauti, saa ile ile.
Siku 19: dakika 10 kamili, karibu tena.

9/11 Siku 20 hadi 26
Siku 20: msimulie mtu ulichosoma kwa dakika mbili, usichungulie.
Siku 21: zile 21 maarufu zimefika 😄 je ulikumbuka mwenyewe leo au ilibidi ukumbushwe? Andika jibu pembeni ya chati.
Siku 22: soma na mwenzio, kila mtu na kitabu chake, kimya.
Siku 23: neno usilolijua, litafute kwenye kamusi.
Siku 24: zima notifikesheni nusu saa kabla.
Siku 25: kitabu kikiisha au kikikaribia kuisha, chagua kijacho leo leo, pengo kati ya kitabu na kitabu ndo linameza tabia.
Siku 26: soma tu.

10/11 Siku 27 hadi 30
Siku 27: acha alamu na vikumbusho vyote, tuone kama mswaki wenyewe utakuita.
Siku 28: andika mistari mitatu, kipi kilisaidia, kipi kilikukwamisha, saa ipi ilikukubali.
Siku 29: dakika 10, na mwombe mtu mmoja ajiunge na raundi ijayo.
Siku 30: jaza boksi la mwisho, chora chati mpya ya siku 36, ukijumlisha unapata 66.
Una tiki 12 tu? Hizo ni siku 12 za kusoma ambazo mwezi uliopita hukuwa nazo, nakupongeza kwa moyo wote.

11/11 Unaingia?
Hifadhi posti hii, mtag yule ambae mkianza pamoja hamuachani. Kwenye komenti andika jina la kitabu chako na ile sentensi yako ya saa na mahali. Jumatatu saa tatu usiku naweka stori ya siku ya 1, njoo na kitabu mkononi.